Kadi za msamiati na mchezo wa jozi: mwongozo wa kufundisha maneno ya Kiingereza kwa watoto wanaozungumza Kiswahili

Mtoto anaweza kukusanya jozi zote za kadi mezani bila kutamka hata neno moja la Kiingereza. Anaona picha ya kitanda, anaona kadi fupi inayoanza na herufi b, anaziweka pamoja na wenzake wanashangilia. Kesho yake unamwonyesha picha ileile na kumuuliza ni nini kwa Kiingereza, ananyamaza. Mchezo ulikwenda vizuri, ila neno halikumpitia kichwani wala kinywani.

Mwongozo huu unashughulikia jambo hilo moja: namna ya kuchagua maneno, kutengeneza kadi na kuweka kanuni ili mtoto asiweze kupata jozi mpaka apitie kwenye neno lenyewe. Nitatumia seti moja ya maneno kumi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chukulia darasa la watoto 60 wenye umri wa miaka minane au tisa, wanaojua kusoma Kiswahili na ambao ndio kwanza wanaanza kusoma Kiingereza.

Kuchagua maneno kumi

Vitabu vingi vya watoto hupanga maneno kwa jamii: leo matunda, kesho rangi, keshokutwa viungo vya mwili. Mpangilio huo unapendeza kwenye ukurasa, lakini kwa mtu anayekutana na maneno hayo mara ya kwanza ni mtego. Mwaka 1993 Thomas Tinkham aliwapa watu maneno ya kubuni wajifunze, akakuta kwamba maneno ya jamii moja yalichelewa kushika kuliko maneno yasiyohusiana. Rob Waring alirudia jaribio hilo kwa wazungumzaji wa Kijapani mwaka 1997 na kupata mwelekeo uleule. Ukiwa darasani si vigumu kuona sababu. Mtoto aliyefundishwa "arm" na "leg" siku moja anakumbuka vizuri kwamba yote mawili ni viungo vya mwili. Asichokumbuka ni lipi ni mkono na lipi ni mguu.

Dawa si kuokota maneno ovyo. Yapange kwa tukio, yaani vitu na vitendo vinavyokutana katika kisa kimoja lakini kila kimoja kina kazi yake. Seti yetu ni ya mtoto anayeamka asubuhi na kwenda shule: "bed", "water", "soap", "wash", "cup", "tea", "hot", "bag", "shoe" na "road". Humo kuna majina, kitendo kimoja na sifa moja, na yote yanaingia katika hadithi ambayo unaweza kuisimulia kwa Kiswahili kwa muda mfupi kabla ya kuanza.

Kabla ya kuikubali orodha, iangalie kwa jicho la mtoto anayesoma herufi ya kwanza tu, kwa sababu wengi husoma hivyo. "Bed" na "bag" yote yana herufi tatu na yanaanza na b. "Water" na "wash" yanaanza na wa. "Soap" na "shoe" yote yana herufi nne na yanaanza na s. Ukiyaleta yote pamoja siku ya kwanza, watoto watakisia na kukosea, na kosa la siku ya kwanza hung'ang'ania. Kwa hiyo yagawe. Kundi la kwanza liwe "bed", "water", "soap", "cup" na "road". Kundi la pili liwe "wash", "tea", "hot", "bag" na "shoe". Sasa ndani ya kila kundi hakuna maneno mawili yanayoanza na herufi moja. Yale yanayofanana yatakutana baadaye, makundi mawili yakishaunganishwa, na wakati huo kufanana kwake kutakufaa: mtoto hataweza tena kushinda kwa kuangalia herufi moja.

"Tea" limewekwa mbali na "cup" kwa sababu nyingine, nayo ni picha.

Picha inayosema jambo moja tu

Chora kikombe chenye mvuke. Je, hiyo ni "cup", ni "tea" au ni "hot"? Wewe unajua ulichokusudia. Mtoto anakisia, na pengine atabeba neno lisilo lake kwa muda mrefu bila wewe kugundua. Ndiyo maana kila picha inapaswa kujaribiwa kwa Kiswahili kabla ya kutumiwa. Waonyeshe watoto wachache, ikiwezekana wa darasa jingine, uwaulize tu: "Hii ni nini?" Majibu yao yakigawanyika, chora upya.

Kwa seti yetu, kikombe kichorwe kitupu, kimelazwa ubavu, bila mvuke. Kwa "tea" chora birika linalomimina, na mshale unaoonyesha chai inayotoka. "Hot" ni sifa na haishikiki kwa mkono, hivyo chora mtoto anayeondoa mkono haraka kutoka kwenye sufuria iliyo motoni. "Wash" ndiyo husumbua zaidi, maana ukichora mikono chini ya bomba watoto watasema "maji". Chora mikono miwili yenye povu ikisuguana na vimshale viwili vya mwendo, halafu uambatanishe na ishara ya mikono ambayo darasa zima litaifanya kila neno hilo linapotajwa.

Kuna maneno ambayo hayachoreki. Ukifika kwenye "because" au "always", usihangaike na mchoro wa kitendawili. Andika "kwa sababu" au "siku zote" kwenye kadi na uendelee. Wapo wanaoona ni dhambi kuandika Kiswahili kwenye kadi ya Kiingereza. Mimi naona neno la Kiswahili lililo wazi ni bora kuliko picha inayomwacha mtoto na maana tatu. Lakini kwa vitu vinavyochoreka, picha peke yake inatosha, kwa sababu ukiandika Kiswahili chini yake macho ya mtoto yatakimbilia huko na kuacha kazi.

Kutengeneza kadi

Karatasi nyepesi ya kuandikia haifai. Kalamu yenye wino mzito hupenya, na hata penseli huonekana kwa nyuma dirisha likiwa wazi, hivyo mtoto mwenye macho makali anaijua kadi kabla ya kuifunua. Tumia manila, au gundisha karatasi mbili pamoja. Ukiikunja karatasi ya A4 katikati mara tatu unapata vipande nane, kila kimoja sentimita 7.4 kwa 10.5, ukubwa unaoshikika vizuri kwa mkono wa mtoto.

Maneno kumi yanahitaji kadi 20: kumi za picha na kumi za maneno. Kwa watoto 60 nashauri vikundi kumi vya watoto sita, na ndani ya kila kikundi watoto wacheze wawiliwawili, yaani timu tatu. Hapo unahitaji kadi 200, ambazo ni karatasi 25 za manila. Ungeweza kuwagawa wannewanne, lakini ungehitaji kadi 300, na ungekosa faida ya wawili wanaonong'onezana jibu kabla ya kulisema. Mtoto mwoga huthubutu kumnong'oneza mwenzake hata kama hawezi kusema mbele ya wengine.

Maneno yaandikwe kwa herufi ndogo, si "BED" wala "Bed", kwa kuwa ndivyo atakavyokutana nayo ndani ya sentensi. Yaandike mwenyewe. Watoto wapake rangi picha, wakate kadi, wapange seti. Lakini neno lililonakiliwa kimakosa kwenye kadi litasomwa kimakosa na kikundi kizima mara nyingi kuliko utakavyoweza kurekebisha.

Weka alama mbili. Ya kwanza iwe nyuma ya kadi: kadi zote za maneno zichorwe mstari mmoja mnene, za picha ziachwe tupu. Zikiwa kifudifudi, mchezaji atajua zipi ni picha na zipi ni maneno bila kujua ni kadi ipi. Alama ya pili ni nukta nyekundu kwenye pembe ya mbele ya baadhi ya picha: kitanda, kikombe, mkoba, kiatu na barabara. Kiswahili hakina kiambishi wala neno linalofanya kazi ya "a" mbele ya jina, ndiyo maana watoto wetu husema "I have cup" bila kuhisi upungufu wowote. Nukta nyekundu inamaanisha "usiisahau a". Maji, sabuni na chai hazina nukta, na mtoto anazoea mapema kwamba "a water" haisemwi, kabla hujamweleza kanuni yoyote.

Mwisho, kila kikundi kipate karatasi ndogo ya majibu yenye picha na neno lake pamoja. Kazi yake utaiona kwenye mchezo.

Siku ya kwanza ni ya masikio

Kadi za maneno zibaki kwenye bahasha siku hii. Mtoto aliyezoea Kiswahili anajua kwamba kila herufi ina sauti yake na inasomwa kama ilivyo. Ukimpa "soap" kabla hajalisikia, atasoma so-ap. "Road" litakuwa ro-adi. "Tea" litakuwa te-a. "Shoe" litakuwa sho-e. Hajakosea, ametumia kanuni nzuri kwenye lugha isiyoifuata. Lakini akishalisoma hivyo mara kadhaa, umbo hilo la sauti linakaa, na kulitoa ni kazi kubwa kuliko kufundisha neno jipya. Sauti itangulie.

Anza na kundi la kwanza, maneno matano. Chukua picha kubwa ya kila neno, ukubwa wa karatasi nzima ya A4, na uifiche nyuma ya daftari. Ichomoze polepole, na watoto wakishaitambua sema neno mara tatu bila kuwataka warudie. Wasikilize tu. Baada ya kupitia picha zote tano, zibandike sehemu tofauti za ukuta, taja neno moja, na darasa zima lielekeze kidole. Bado hawajasema kitu. Hatua hii watu huiruka kwa sababu darasa linaonekana kama halifanyi kazi, ilhali ndiyo inayokuonyesha nani amesikia: angalia vidole vinavyosubiri kuona vya wengine vinaenda wapi.

Sasa uliza kwa ngazi. Kwanza swali la ndiyo au hapana: ukiwa umeshika kikombe, "Is it a bed?" Kisha la kuchagua: "Is it a cup or a bed?" Jibu limo ndani ya swali, kwa hiyo anachohitaji ni kulichukua. La mwisho ni lililo tupu: "What is it?" Mtoto akikwama kwenye ngazi ya tatu, mrudishe kwenye ya pili badala ya kumpa jibu. Kumpa jibu kunamfundisha kusubiri.

Masikio yako yasake kosa moja hasa, irabu inayoongezwa mwishoni. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na kinywa cha mtoto hakipendi kulimaliza neno kwa konsonanti. Kwa hiyo "bed" huwa "bedi", "soap" huwa "sopu", na "cup" huwa "kapu", ambalo kwake tayari ni chombo cha kubebea vitu. Mwambie afunge midomo mwishoni mwa "cup" na "soap" na aiache imefungwa kidogo, huku wewe umeinua mkono na kuushusha pale tu anaporuhusiwa kuifungua. Kwa "bed" ulimi ubaki juu nyuma ya meno. Watoto wanafurahia sana kukaa na midomo iliyofumbwa, na kosa hupungua bila hotuba.

Uwe mwangalifu kwenye kundi la pili na "bag", kwa kuwa wanalijua "begi" na watasema kwa ujasiri. Maneno yaliyokwisha kuingia kwenye Kiswahili hueleweka upesi lakini hutamkwa kwa mazoea, hivyo maana utaipata bure, sauti utailipia.

Siku ya pili, maandishi yanaingia

Bandika picha tano ubaoni. Chomoa kadi ya neno, isome kwa sauti mara moja, kisha muulize mtoto aibandike chini ya picha yake. Zikishakaa zote, funika picha moja na uulize iliyofichwa ni nini. Halafu geuza, ondoa neno na ubakishe picha. Hapa ndipo pa kuwaonyesha kwamba "soap" na "road" yana oa inayosikika kwa namna moja. Pigia mstari herufi hizo kwenye kadi zote mbili. Huna haja ya kusema zaidi. Wakikutana na "boat" au "goat" baadaye utaona faida yake.

Kundi la pili lipitie njia ileile, siku mbili nyingine. Usilianzishe kama watoto wengi bado wanakwama kwenye "What is it?" ya kundi la kwanza.

Mchezo wenyewe

Kikundi cha watoto sita kinakaa kuizunguka meza au mkeka. Mara ya kwanza wacheze na kundi moja tu, kadi kumi. Wakizoea waunganishe makundi yote mawili, kadi 20. Changanya kadi, zilaze kifudifudi kwa safu, picha upande mmoja na maneno upande wa pili.

Timu inayocheza inafunua picha kwanza. Kabla ya kugusa kadi ya pili ni lazima iseme ilichoona kwa sentensi: "It's a cup", "It's water", "It's hot". Kwa "wash" wanasema "I wash" na kufanya ishara. Hii ndiyo kanuni inayobeba mchezo wote. Neno linatamkwa wakati maandishi bado yamefichwa, kwa hiyo halisomwi popote, linatolewa kichwani. Wakishindwa kusema, picha inalazwa tena na zamu inapita, hata kama walikuwa wanajua neno lake liko wapi.

Wakisema sawa, wanafunua kadi moja ya neno na kuisoma kwa sauti. Ikilingana na picha, jozi ni yao. Isipolingana, kadi zote mbili zinalazwa palepale zilipokuwa, wote wakiwa wameziona. Hata jozi ikipatikana zamu inapita kwa timu nyingine. Kanuni ya "ukipata endelea" inavutia, lakini humpa mtoto hodari nafasi ya kumaliza meza nzima huku wengine wakitazama.

Timu iliyomaliza zamu yake ndiyo mwamuzi wa timu inayofuata, na ndiyo inayoshika karatasi ya majibu ikiwa imegeuzwa. Kazi yake ni kusema "Yes" au "No, try again". Nafasi ya kujaribu tena ni moja. Kwa njia hii timu iliyotoka kucheza haipumziki, na wewe huitwi kila meza kuamua ugomvi.

Tufuate zamu mbili. Timu ya kwanza inafunua picha ya kikombe na mmoja anasema, "It's cup." Waamuzi wanaona nukta nyekundu, wanasema, "No, try again." Wawili wale wananong'onezana, kisha: "It's a cup." Wanaruhusiwa. Wanafunua neno, wanakuta "road", wanalisoma, na kwa kuwa halilingani wanalaza vyote. Timu ya pili inafunua picha ya barabara. Wanajua neno liko wapi kwa sababu wameliona sasa hivi, lakini hawawezi kulifikia mpaka waseme "It's a road." Mmoja anasema "It's a ro-ad." Karatasi ya majibu haiwezi kuwasaidia waamuzi hapa, na watoto mara nyingi watalipitisha. Liache lipite wakati wa mchezo, liandike kwenye kijitabu chako, na lirudishe kwa darasa zima baadaye. Mwalimu anayekatiza kila matamshi mabaya anaishia kusimamisha meza zote.

Watoto wengine wataelekea kusema Kiswahili wakati wa kushauriana, na sioni ubaya. Timu inashauriana kwa Kiswahili, inajibu kwa Kiingereza. Ukipiga marufuku Kiswahili kabisa utapata ukimya.

Yanayoharibika na namna ya kuyagundua

Jozi zikianza kupatikana haraka kupita kawaida, kagua kadi. Pembe iliyokunjika, doa la mafuta au rangi iliyopenya hujulikana na watoto upesi, na mchezo hugeuka kuwa wa kutambua doa. Jaribu kwa kuwapa kikundi hicho seti ya meza nyingine. Kasi ikishuka ghafla, jibu umelipata. Badilisha kadi hiyo moja tu.

Kama mtoto anapata jozi za "soap" na "road" lakini anakosea "bed" na "bag" mara kwa mara baada ya makundi kuunganishwa, anasoma herufi ya kwanza. Mpe kadi hizo mbili peke yake, aziangalie sambamba, na mwambie aweke kidole kwenye herufi zilizo tofauti. Mwache asikie neno na kunyanyua kadi, mara kadhaa kwa kubadilisha, ndipo arudi mezani.

Na ndani ya timu, angalia nani anayesema. Mara nyingi mmoja ananong'ona na yuleyule anasema, mwenzake amekuwa wa kufunua kadi tu. Weka kanuni kwamba anayefunua picha ndiye anayesema, na kufunua ni kwa kupokezana.

Mchezo wa kutafuta mwenzako

Pale usipokuwa na nafasi ya meza, au ukitaka watoto wote 60 wazungumze kwa pamoja, gawa kadi moja kwa kila mtoto: picha kwa safu za upande mmoja, maneno kwa upande mwingine. Kila mmoja anaificha kadi yake kifuani. Wenye picha wanatembea wakiuliza: "Do you have a bag?" Jibu ni "Yes, I do" au "No, I don't", na kadi haionyeshwi mpaka jibu liwe ndiyo. Kwa "hot" na "wash" swali hilo halikai vizuri, kwa hiyo ziondoe na utumie maneno manane yaliyobaki. Seti nne zinatoa kadi 64, za kutosha watoto wote na nne za akiba. Hakikisha kila picha uliyogawa ina neno lake darasani, la sivyo mtoto mmoja atazunguka mpaka kengele.

Kelele zitakuwepo. Waruhusu watembee upande mmoja tu, wengine wakae, na kelele itabaki ya kufanyia kazi.

Bahasha tatu za kurudia

Neno lililoshikwa Jumatatu na kuachwa litakuwa limefifia Ijumaa. Mwaka 1972 mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner alieleza namna ya kurudia kadi kwa kutumia sanduku lenye vyumba: kadi unayoijua inasogea kwenye chumba kinachofunguliwa mara chache zaidi, usiyoijua inarudi mwanzo. Kwa darasa, bahasha tatu zinatosha. Ya kwanza inafunguliwa kila siku ya kipindi, ya pili mara moja kwa wiki, ya tatu kila baada ya wiki tatu hivi.

Kadi mpya zote zinaingia bahasha ya kwanza. Mwanzoni mwa kipindi onyesha picha moja moja na uchague watoto watano wa viwango tofauti, mmoja mmoja, bila kuwapa nafasi ya kujibu kwa pamoja. Jibu la pamoja la darasa zima ni udanganyifu mtamu: sauti kubwa ya wachache hufunika ukimya wa wengi. Watano wote wakijibu, kadi inasogea bahasha ya pili. Mmoja akikwama, inabaki. Na kadi iliyokwisha kufika ya tatu ikikwamisha mtu, inarudi ya kwanza bila huruma. Kazi nzima inachukua dakika tano, si zaidi, kwa sababu hufungui bahasha zote kila siku.

Kupima kama neno limekaa

Kuoanisha ni kutambua, na kutambua ni rahisi kuliko kukumbuka. Kwa hiyo usitumie ushindi wa mchezo kama kipimo. Chukua watoto wachache kwa siku na uwapime kwa njia tatu tofauti, bila kuonyesha kadi mbili pamoja. Kwanza taja neno, mtoto aguse picha. Pili onyesha picha, aseme neno. Tatu onyesha neno, alisome na kufanya ishara au kusema maana yake kwa Kiswahili. Kwenye daftari andika jina la mtoto, maneno kumi, na kwa kila neno alama tatu.

Mpangilio wa alama utakuambia pa kurudi. Anayegusa picha vizuri lakini hawezi kulisema neno anahitaji mchezo wa jozi zaidi, hasa kanuni ya kusema kabla ya kufunua. Anayesema vizuri lakini anasoma "soap" kama so-ap arudi kwenye kazi ya siku ya pili ubaoni. Na anayesoma vizuri kwa sauti lakini hajui maana, na wapo wengi zaidi ya unavyodhani, ameshajifunza kutamka maandishi tu. Mrudishe kwenye picha na masikio, kadi za maneno zikiwa ndani ya bahasha. Asiyejua kwa njia yoyote kati ya hizo tatu usimhesabu kama mzito kabla hujamsogeza mbele karibu na ubao na kurudia jaribio la kwanza, kwani baadhi yao shida yao ni macho au masikio, na jambo hilo ni la kuzungumza na wazazi wake mapema.